Ukiwaandikia tena wale wa kiwandani

Nyegezi, Mwanza

Rafiki yangu Mama Kulwa,

Za huko Sengerema? Nimefurahi kusikia mama sasa anatoka mwenyewe hadi barazani, na kwamba mdogo wako amehamia kwake moja kwa moja. Msalimie sana. Sisi huku wazima.

Sasa lile la kiwanda cha minofu. Umeniuliza kama uwapigie simu uwaambie umekubali ile kazi ya ukaguzi wa ubora uliyoikataa mwaka juzi. Usiseme umekubali. Ofa ukishaikataa, kisheria imekufa, hakuna kilichobaki cha kukubali. Wakikutaka watatoa nyingine, na huenda ikawa na mshahara mwingine au cheo kingine. Katika miaka yangu ya ofisi ya utumishi nimepokea barua za namna hiyo, mtu anaandika "nipo tayari kuripoti kazini" wakati kiti kina mwenyewe zamani. Wewe unaomba upya. Unachowazidi wengine ni kwamba walishakufanyia usaili wakakuchagua, na hilo hawajalisahau.

Anza na yule meneja wa ubora aliyekusaili. Utumishi wanaijua nafasi ikishaidhinishwa, ila yeye anajua mapema ni nani anataka kuondoka na zamu ipi imepungukiwa watu. Tafuta ile barua pepe uliyomwandikia kukataa, uijibu hiyohiyo. Mazungumzo yenu ya nyuma yatakuwa pale chini, hatahangaika kukumbuka wewe ni nani. Wasapu iache kwanza. Kwa mtu ambaye hamjazungumza muda mrefu hivyo, inaonekana kama unamvizia.

Akiisoma, kichwani atakuwa na swali moja tu: huyu hatatukataa tena? "Mambo yangu yamekaa sawa" halijibu swali hilo. Mtajie kilichokuzuia, halafu mwonyeshe kilichokiondoa. Wewe ulizuiwa na mawili: mama hakuwa na mtu wa kulala naye, na hukuweza kutegemea foleni ya kivuko akizidiwa usiku. La kwanza mdogo wako amelimaliza. La pili hata yeye meneja analijua, kwani daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na kuvuka sasa ni dakika chache. Habari za presha na vipimo usizimwage, hazimsaidii kuamua. Mimi ningeandika hivi:

"Mheshimiwa, mwaka juzi mlinipa nafasi ya mkaguzi wa ubora nikashindwa kuichukua kwa sababu nilikuwa namuuguza mama Sengerema, na usafiri wa kivuko haukuniruhusu kwenda na kurudi. Sasa ndugu yangu anaishi naye, na daraja limeondoa tatizo la usafiri. Najua nafasi ile huenda imeshajazwa. Kama ipo nyingine kwenye kitengo chako, au ikitokea, naomba nifikiriwe. Bado nafanya kazi ya maabara ya maziwa, na nitahitaji kutoa notisi ya siku 28 kabla ya kuanza. Naambatanisha wasifu wangu mpya."

Basi, inatosha. Mshahara wa zamani usiutaje. Ukiutaja chini unajifunga, ukiutaja juu unaonekana unadai deni. Hiyo notisi nayo usiione kama kikwazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe siku zisizopungua 28, isipokuwa yupo mwezi wake wa kwanza, na ukimwambia utaanza Jumatatu ataelewa kwamba hata wao siku moja utawaacha vilevile.

Ila hapo kwenye maziwa usiandike barua ya kuacha kazi mpaka umesaini mkataba. Neno la meneja kwenye simu si mkataba. Na ujue kwamba miezi 6 ya mwanzo kwa mwajiri mpya, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki bado haijakufikia, kwa hiyo kifungu cha muda wa majaribio ukisome taratibu kabla ya kalamu.

Akikujibu "tutakujulisha", subiri kama wiki mbili umkumbushe mara moja, kisha umwache. Akikuuliza notisi yako inaisha lini, au akitaka vyeti upya, basi ana nafasi mkononi au anaitafutia kibali. Akikupa ya muda, ya kushika zamu ya mtu aliye likizo ya uzazi, uliza inaisha lini na nini kinafuata, kisha ulinganishe na kazi uliyonayo. Mimi kwa ya miezi mitatu nisingeacha maziwa, lakini wewe ndiye unayejua hali ya nyumbani.

Wakikuita usaili njoo ulale kwangu siku moja kabla, wale huanza asubuhi sana. Na ukija niletee karanga za huko, za sokoni hapa zimepanda bei ajabu.

Wako,
Mama Neema