Wakufunzi wa Kichina hawakutufanya watu wa China

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu wa Mtwara aliyeandika juma lililopita anadai kwamba sera yetu ya kutofungamana na upande wowote ilikuwa jina tu, kwa kuwa wakufunzi wa Kichina waliwanoa wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji hapa Nachingwea. Kisha anauliza: nchi changa na maskini ingepata wapi ubavu wa kuwakatalia wakubwa? Swali lake nalipenda kuliko hoja yake, na jibu naliona katika mkasa wetu na Wajerumani.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na ubalozi ukafunguliwa Unguja. Huku Bara, Ujerumani Magharibi ndiyo iliyokuwa na ubalozi, ikitoa misaada na kutusaidia kuunda kikosi cha anga. Muungano wa tarehe 26 Aprili ukawakuta Wajerumani wote wawili ndani ya nyumba moja. Serikali ya Ujerumani Magharibi, iliyokaa Bonn, ilikuwa na msimamo ulioitwa Kanuni ya Hallstein: anayeitambua Ujerumani Mashariki anavunjiwa uhusiano. Yugoslavia ilivunjiwa mwaka 1957, Kuba mwaka 1963. Bonn ikataka ubalozi wa Unguja ufungwe. Wazanzibari hawakutaka kuwafukuza watu waliokuwa wakiwajengea nyumba.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati, na hapa ndipo ndugu yangu wa Mtwara atazame vizuri. Njia yenyewe hakuibuni. Misri, mmoja wa waasisi wa Umoja wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, tayari ilikuwa na ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki mjini Cairo, bila kuitambua nchi hiyo, na Bonn ilikuwa imelimeza hilo. Ceylon ilifuata mkondo huohuo mwaka 1964, ikakatiwa misaada lakini haikuvunjiwa uhusiano. Kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa na mifano ya kushika mkononi, na ilijua mapema adhabu ingefika wapi. Februari 1965 ikatangazwa: ubalozi wa Unguja unafungwa, Ujerumani Mashariki inapewa ubalozi mdogo Dar es Salaam, na haitambuliwi.

Bonn ilikasirika, ikaondoa msaada wa kijeshi. Nyerere akajibu kwamba kama msaada ni wa kututia kamba puani, basi waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Wengi hukumbuka jibu hilo kwa ujasiri wake. Mimi naona hesabu iliyokuwa nyuma yake. Bonn haikuthubutu kuvunja uhusiano, kwa sababu ikituvunjia, hatukuwa na sababu tena ya kujizuia kuitambua Ujerumani Mashariki. Tena mwezi huohuo kiongozi wa Ujerumani Mashariki, Walter Ulbricht, alikuwa akipokewa Misri kwa heshima zote. Kupigana na Cairo na Dar es Salaam kwa wakati mmoja kungeipotezea Bonn marafiki wengi kuliko ilivyoweza kumudu.

Pengo la kijeshi halikubaki wazi. Kanada, mwanachama wa NATO, ilituma wakufunzi. China ilikuwa imeshaanza kutuma wake mwaka 1964. Nchi ambayo jeshi lake linafundishwa na Wakanada na Wachina itaitwaje ya upande mmoja? Hapa Nachingwea hali ilikuwa hivyohivyo: FRELIMO walipata mafunzo ya Wachina na silaha za Warusi, ambao wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na Sweden ikaja kuwasaidia kwa mahitaji yasiyo ya vita. Ureno, waliyepigana naye, alikuwa ndani ya NATO.

Nisimdanganye mtu, nafasi hiyo ilikuwa na gharama na mipaka. Misaada ya Bonn iliyoondoka haikurudishwa yote na mwingine. Umoja wenyewe haukuwa na benki wala jeshi. Kilichokuwepo ni mifano ya wenzetu, kura zao Umoja wa Mataifa, na hofu ya wakubwa kwamba wakimkaba mmoja, mwenzake atahamia ng'ambo ya pili. Hofu hiyo ilitegemea kuwapo kwa wa ng'ambo mwenye uwezo na nia ya kutoa. Miaka ya themanini deni lilipotuelemea, hatukupata mkopeshaji wa kutosha upande wa pili, na hata marafiki zetu wa Skandinavia walituelekeza tukazungumze na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1986 tukatia saini, sarafu ikashushwa thamani kwa kiwango ambacho Mwalimu alikikataa alipokuwa Ikulu.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Nachingwea, Lindi