Mbona mtu tuliyemwongeza kwenye picha ya familia anakaa kama amebandikwa

Kazi tunayoletewa sana hapa Kisumu siku hizi ni ile ya kuongeza mtu kwenye picha ya familia. Watu walikutana Krismasi, wakaenda Dunga jioni wakapigwa picha kando ya ziwa, halafu kuna mmoja hakuwepo, ako Nairobi ama ako Gulf, na mama anataka watoto wake wote kwa fremu moja. Anatutumia picha ya familia na ya huyo kijana, anauliza, "Mnaweza kumweka hapo karibu na babake?" Ndio tunaweza. Lakini kastoma wengi wanakuja kwetu wakiwa washamwekewa mahali kwingine na hawajapenda, wanasema kitu kinawasumbua na hawajui ni nini. Kijana amekatwa vizuri, kingo za nywele ni safi, saizi yake iko sawa, na bado ukiangalia unajua tu hakuwa hapo.

Mara nyingi shida ni rangi ya mwanga. Kila taa ina rangi yake hata kama macho yetu hayaioni, kwa sababu ubongo unairekebisha wenyewe ukikaa pale kidogo. Nenda duka lolote la balbu uangalie boksi: ile ya mwanga wa manjano imeandikwa 3000K ama hapo karibu, na ile nyeupe ya ofisi imeandikwa 6500K. Hiyo K ni Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Namba ndogo ni mwanga wa manjano kuelekea nyekundu, namba kubwa ni mwanga wa kuelekea bluu. Jua la mchana kati liko kama 5500K, jua likikaribia kuzama linashuka hadi 3500K au chini ya hapo, na kivuli chenye kinapata mwanga wa anga ya bluu peke yake kinapanda 8000K na zaidi. Ukikaa ofisini macho yako yanazoea ile taa na shati jeupe unaliona jeupe, ukitoka jioni bado unaliona jeupe. Lakini ukiziweka hizo shati mbili kwa picha moja, macho hayawezi kuzoea taa mbili kwa wakati mmoja, kwa hivyo tofauti inajitokeza hapo hapo.

Wacha nieleze na kazi moja tuliyofanya, yenye inafanana na nyingi. Picha ya familia ilipigwa Dunga saa kumi na mbili jioni, jua liko chini upande wa kushoto juu ya maji. Mzee amevaa shati jeupe. Picha ya kijana alipigwa na mwenzake ofisini chini ya zile taa za tubu za dari, naye pia shati jeupe. Hizo shati ndizo zilituokolea kazi, maana kitu cheupe ndicho kinakwambia ukweli kuhusu taa. Ukigusa shati kwa ile zana ya kusoma rangi unapata namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kutoka 0 hadi 255, na kama mwanga hauna rangi basi hizo tatu zinakaribiana.

Shati la mzee upande unaopigwa na jua lilisoma 246, 222, 186. Yaani bluu iko chini sana, hiyo ndio jioni yenyewe. La kijana lilisoma 216, 228, 215. Hapa kijani imezidi, na hiyo ni tabia ya tubu nyingi za ofisi, zinaacha ukijani kidogo kwenye ngozi na kufanya mtu akae kama ametoka kuugua. Sasa wengi wakiona picha ya jioni wanamwekea kijana umanjano moja kwa moja juu ya ule ukijani, anatoka na rangi ya ndizi inayoanza kuiva, na wanaongeza na kuongeza bila kufika. Sisi tunatoa taa ya kwanza kabisa ndio tuweke ya pili.

Kwa Photoshop tunaweka leya ya Curves, ile ya kupandisha na kushusha kila rangi kwa mstari, imeshikana na leya ya kijana pekee, tunaingia kwenye Green, na ile pointi ya juu kulia tunaishusha mpaka Output isome 242. Shati likawa 216, 216, 215. Hapo halina rangi ya taa yoyote, ni jeupe tu. Halafu Curves ya pili juu yake: Red, pointi ya juu tunaisukuma kushoto mpaka Input 229, Green hatuigusi, Blue tunashusha pointi ya juu mpaka Output 214. Shati likasoma 240, 216, 180. Linganisha na la mzee, kila namba iko chini kwa sita, sita, sita, kwa hivyo rangi ni moja, ni vile tu la kijana limefifia kidogo na hiyo ni sawa maana amesimama nyuma ya babake. Tunapenda kushika ile pointi ya juu kwa sababu nyeusi inabaki nyeusi. Ukimpaka mtu rangi ya chungwa juu ya leya yote, nywele na suruali nyeusi zinakuwa kahawia, na hapo ndio jicho la mama linakataa.

Kama unajaribu nyumbani unaweza kutumia Camera Raw Filter, kuna Temperature ya bluu na manjano, na Tint ya kijani na zambarau. Kwa kesi kama hii anza na Tint, songa kuelekea zambarau mpaka ukijani uishe, ndio uguse Temperature. Na usichanganyikiwe na faili za RAW, kule Temperature inaandikwa kwa Kelvini na ukipandisha namba picha inakuwa ya manjano zaidi, wakati tumesema namba kubwa ni mwanga wa bluu. Ni kwa sababu pale unaiambia programu taa ilikuwa ya bluu kiasi gani, nayo inaongeza umanjano kuifidia.

Sasa hapo mtu anaweza kusema kazi imeisha, lakini bado. Jioni ya Dunga ina taa mbili. Upande wa kushoto wa mzee kuna jua, upande wa kulia hakuna jua, huko kunaangazwa na anga, na shati lile lile la mzee kwa kivuli lilisoma 116, 120, 134. Bluu ndio iko juu sasa! Shati moja, mtu mmoja, rangi mbili. Ndio maana kusukuma Temperature mara moja kwa mwili wote hakuwezi kumaliza hii kazi, kijana atakuwa na joto pande zote na watu waliomzunguka wana joto upande mmoja tu. Kwa hivyo ile Curves ya jua tuliiwekea maski, yaani kifuniko cha kuificha pale hatuitaki, tukaiacha ionekane tu upande wa kushoto wa uso, bega na mkono, na upande wa kulia tukaweka Curves nyingine ya kushusha mwanga na kupandisha Blue kidogo mpaka kivuli cha shati lake kisome karibu na cha mzee. Katikati pale mwanga unapogeuka tunatumia brashi laini sana, pua na shingo ndizo zinachukua muda.

Ngozi yetu inataka uangalifu wake. Usilinganishe rangi ya shavu la kijana na la babake, watu wa familia moja hutofautiana, mmoja ni mweusi zaidi, mwingine maji ya kunde, ukijaribu kuwafananisha utambadilisha mtoto wa watu. Angalia ule mng'ao kwa paji la uso, kwa ncha ya pua, juu ya shavu. Kwa ngozi nyeusi mng'ao huo unabeba rangi ya taa karibu vile ilivyo. Kwa mzee na mama mng'ao ulikuwa wa dhahabu, kwa kijana ulikuwa mweupe wa kuelekea kijani. Ukishageuka dhahabu upande wa jua na bluu hafifu upande wa pili, ngozi yenyewe unaiacha.

Tukidhani tumemaliza tunaweka leya ya Hue/Saturation juu ya kila kitu na kupandisha Saturation hadi 60 hivi. Picha inakuwa mbaya kabisa, rangi zinapiga kelele, lakini ni ya kupima tu. Kama kijana bado ana ukijani uliobaki chini ya kidevu utauona waziwazi wakati wengine wako chungwa. Unarekebisha, halafu unaizima. Ndio mwisho kabisa tunaweka joto kidogo juu ya picha nzima, watu wote pamoja. Kuna mafundi wanaanza na hiyo wakidhani itawaunganisha, lakini ukiongeza joto sawa kwa wote, ile tofauti iliyokuwepo inabaki pale pale.

Kuna zenye tunakataa, na tunamwambia kastoma kabla hajalipa. Kama shati limeungua, yaani linasoma 255, 255, 255, hakuna habari iliyobaki pale, ukishusha Blue unapata tu doa bapa la manjano bila mikunjo. Kama alipigwa na fleshi ya simu uso mzima, mwanga umetoka mbele na hauna upande, rangi tutapata lakini uso utabaki bapa. Na picha iliyopita kwa filta za kulainisha ngozi imeshapoteza ule mng'ao tunaotegemea.

Kwa hivyo mama, kabla hujatutumia ile picha ya ofisini, mpigie kijana simu umuulize kama anaweza kusimama nje jioni, jua likikaribia kuzama, liwe upande ule ule liko kwa picha yenu. Avae shati jeupe ama ashike karatasi nyeupe kwa picha moja ya ziada. Kamera ya simu yake ikiwa na Pro, aweke WB, ile sehemu ya kuchagua rangi ya mwanga, kwa alama ya jua badala ya kuiacha kwa Auto, maana Auto itajaribu kuifuta ile jioni. Kama yuko mahali ambako hapati nafasi ya kutoka, basi asimame kando ya dirisha taa za ndani zikiwa zimezimwa, hiyo inatupa mwanga wa upande mmoja na kazi inakuwa nusu. Atume WhatsApp kama Document, si kama picha ya kawaida, na picha ya familia pia mtutumie ile ya asili iliyotoka kwa simu ama kamera iliyopiga.