Marehemu hawezi kuapa kubadili jina lake

Mhariri,

Habari yenu kuhusu familia za Rungwe zinazozungushwa benki baada ya msiba iliishia palepale tabu inapoanzia. Mwandishi alisema jina la marehemu kwenye cheti cha kifo na lile la benki hayakulingana, akaweka nukta. Nimeshughulika na nyaraka za mirathi hapa Tukuyu kwa muda mrefu bila kuandika gazetini, lakini hili nimeshindwa kulinyamazia.

Majina yetu huandikwa kwa kusikia. Mzee aliitwa Ambakisye, na ndivyo kitambulisho chake cha NIDA, kadi ya benki na hati ya kiwanja vinavyosomeka. Siku ya msiba anayetumwa kutoa taarifa ni mpwa, kitambulisho kimefungiwa kabatini, na anayeandika anasikia Ambakisie. Jina hilo linatoka kwenye tangazo la kifo, linaingia kwenye daftari la msajili, kisha kwenye cheti. Hakuna anayeligundua, kwa sababu mdomoni yote mawili yanasikika sawa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kosa lilizaliwa wapi. Omba kuona lilivyoandikwa daftarini. Kama daftari liko sawa na cheti ndicho kilichokosewa, hilo ni kosa la uandishi, dogo. Kama daftari lenyewe limekosea, yanahitajika maombi ya marekebisho kwa msajili wa wilaya, yaani ofisi ya Katibu Tawala, pamoja na kiapo na nyaraka alizotumia marehemu akiwa hai. Cheti ndicho kifuate nyaraka hizo. Wapo wanaoanza kuhangaika kubadili jina benki ili lifanane na cheti, na huko ni kwenda kinyumenyume.

Kinachoniudhi kuliko yote ni hicho kiapo. Mjane mmoja aliambiwa na ofisi moja alete hati ya kubadili jina, ile ambayo watu huiita didipoo. Hati hiyo husainiwa na mwenye jina, akitamka kwamba analiacha la zamani na kushika jipya. Mwenye jina alikwishazikwa! Mama wa watu akaenda kwenye kibanda cha kuchapa, akauziwa karatasi iliyokwisha andaliwa, yenye maneno “mimi niliyetajwa hapo juu nimebadili jina langu”, akasaini yeye. Ikagongwa muhuri. Kwa karatasi ile mjane ndiye amebadili jina, na la marehemu limebaki vilevile. Ilikataliwa, na ada ya kiapo haikurudi. Kinachotakiwa ni kiapo cha mtu anayemfahamu marehemu, mjane au ndugu, mbele ya kamishna wa viapo, kinachosema: Ambakisye na Ambakisie ni mtu mmoja, jina la kwanza liko kwenye nyaraka hizi, moja moja na namba zake, la pili liko kwenye cheti cha kifo namba fulani, jina sahihi ni la kwanza. Kiapo kinachosema tu kwamba jina limekosewa hakimsaidii msajili, maana hakimwonyeshi kosa liko herufi gani wala kwenye karatasi ipi.

Na hao wenye vibanda nao waangaliwe. Wanaacha kwenye karatasi anwani ya mteja aliyepita, mkazi wa Dar es Salaam, wakati mwapaji anaishi Kiwira.

Haya yote yafanyike kabla ya kufungua shauri la mirathi. Mahakama ya Mwanzo huchukua jina kwenye cheti na kuliingiza Fomu Na. 1 ya maombi, kisha kwenye tangazo la mahakama, hadi barua ya uteuzi wa msimamizi, Fomu Na. 4. Benki inapoikataa barua hiyo, msimamizi anarudi mahakamani kuomba irekebishwe, huku miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Na. 5 imekwishaanza kuhesabiwa. Aombe kwa maandishi kuongezewa muda, asikae kimya, kwani warithi wenzake watasema amekalia mali. Na kama nyaraka za marehemu zenyewe zinatofautiana, kiwanja jina hili na benki lile, cheti pekee hakitatosha. Maombi yataje majina yote, “ambaye pia alijulikana kama”, na muhtasari wa kikao cha ukoo uandikwe hivyohivyo.

Ninachotaka ni hiki: kabla cheti hakijachapwa, karani amsomee ndugu jina herufi kwa herufi, A-M-B-A-K-I-S-Y-E, kitambulisho cha marehemu kikiwa mezani, na ndugu asaini pembeni ya jina hilo. Kama kitambulisho hakijaletwa, arudi nyumbani akakichukue siku hiyohiyo.

Msomaji wenu,
Tukuyu, Mbeya