Yah: Malalamiko ya kufungiwa pedi mpya kwenye diski zilizokwisha

Kwa Meneja wa Karakana,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mlitubadilishia pedi za breki za mbele za gari la ofisi, Toyota Corolla, mkaturudishia na karatasi ya kazi iliyoandikwa kwamba diski ni nzima na unene wake ni milimita 24.1. Muda mfupi baadaye usukani ukaanza kutetemeka kila dereva akikanyaga breki kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na pedeli ikawa inadunda chini ya mguu. Tumefungua magurudumu yote mawili ya mbele na kupima wenyewe.

Diski hizo zikiwa mpya huwa na milimita 25, na kwenye chuma chake pamechongwa MIN TH 23 mm. Maana yake ikishuka chini ya hapo haifungwi tena. Tulipima kwa mikromita sehemu nane kuizunguka, milimita 10 hivi kutoka ukingoni, pale pedi inapogusa. Diski ya kushoto imesoma 22.60 palipo pembamba na 22.65 palipo panene. Ya kulia nayo iko chini ya 23. Diski nyembamba hivyo hubeba joto kidogo tu kabla ya kuzidiwa, na pistoni hulazimika kutoka nje zaidi kadiri pedi zinavyolika. Gari hili hushuka Kitonga likiwa na mzigo, kwa hiyo kwetu hilo si jambo la kwenye karatasi tu.

Hiyo 24.1 tunajua ilikotoka. Pedi haifiki sawasawa mpaka mwisho wa diski, hivyo ukingoni hubaki kamba ya chuma inayolika kidogo tu. Fundi akibana diski kwa vernia, taya zake zilizonyooka hukaa juu ya kamba hiyo, naye husoma unene wa sehemu ambayo breki haiigusi sana. Tulirudia kwa makusudi: vernia juu ya ukingo ilitupa 24.1 ileile. Ukipitisha kucha kutoka katikati ya diski kwenda nje, inakwama kwenye kamba hiyo; fundi aliyegusa tu kwa kidole angeshtuka na kwenda kutafuta mikromita. Wala msituambie mtazichonga, kwa sababu kuchonga ni kupunguza chuma, na hapa hakuna cha kupunguza.

La pili ni kuzoesha pedi. Kwenye karatasi yenu hakuna popote palipoonyesha kwamba kazi hiyo ilifanyika, na dereva alikabidhiwa ufunguo bila maelekezo yoyote. Pedi mpya inatakiwa iache utando mwembamba wa malighafi yake juu ya diski, uenee sawasawa. Hufanyika barabarani penye nafasi: unapandisha mwendo hadi kilomita 50, unakanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka 10, bila kusimama kabisa, kisha unaachia na kuendesha kama nusu dakika ili upepo upooze. Unarudia mara nane hadi kumi, halafu unatembeza gari dakika kadhaa bila kugusa breki. Anayesimama na kuendelea kukanyaga wakati pedi zimepata moto huzigandisha mahali pamoja, na utando hujaa pale pale tu. Kwenye diski ya kushoto yapo madoa mawili ya bluu iliyoiva, yenye umbo la pedi kabisa. Hapo breki hushika kwa nguvu zaidi kila diski inapozunguka, na ndiyo sababu mojawapo ya kudunda kwa pedeli. Watu husema diski imepinda. Tulipima kupinda kwake na hatukukuta tatizo.

Tuseme pia kwamba pini za kalipa ya kushoto tulizikuta kavu, hazina grisi. Pedi ya ndani, upande wa pistoni, imeshaanza kulika kuliko ya nje. Kuzivuta pini, kuzifuta na kuzipaka grisi ya silikoni ni kazi ndogo sana wakati kalipa tayari iko mkononi.

Tunaomba mfunge diski mpya mbili, kwa kuwa haibadilishwi upande mmoja, pamoja na pedi mpya, maana hizi zimeshachukua umbo la mifereji ya diski mbovu. Kabla ya kufunga, kutu kwenye habu isuguliwe, la sivyo hata diski mpya itakaa upande. Unene upimwe kwa mikromita na uandikwe, na pedi zizoeshwe na fundi wenu kabla ya kutukabidhi gari. Gharama zote ziwe zenu, na fedha za ufundi wa awali zirudishwe. Diski za zamani tunabaki nazo. Mnakaribishwa kuja kuzipima mbele yetu.

Gari limesimamishwa hadi kazi hiyo ikamilike. Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku saba.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa Magari