Mtoto akinunua kwenye gemu, usianzie benki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wazazi wenzangu yaliyonipata mwezi uliopita, kwa sababu nimeona watu wawili hapa Kibirizi wakipoteza hela kwa kukosea mlango wa kubisha hodi.

Mimi nanunua dagaa mwaloni na kusafirisha. Kadi yangu ya benki niliiunganisha na simu mwaka jana, nilipolipia nafasi ya kuhifadhi picha za mzigo. Jumamosi moja jioni mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, aliniomba nimnunulie almasi za gemu za shilingi 2,500. Nikakubali, nikaandika nywila, nikamrudishia simu nikaenda kupika. Simu ilipokuja mikononi mwangu tena, meseji za benki zilikuwa zimepangana: shilingi 25,000, mara tano. Shilingi 125,000 za mtaji wa Jumatatu zimekwenda.

Nilimgombeza mtoto, naye akalia akisema, "Mama mdogo, haikuniuliza kitu." Na kweli haikumuuliza. Simu yangu ilikuwa imewekwa hivi: ukishaandika nywila mara moja, kwa dakika 30 zinazofuata manunuzi mengine yanapita bila kuulizwa. Mtoto alikuwa ndani ya dakika hizo. Jambo hili si geni. Mwaka 2014 tume ya Marekani inayolinda walaji ilizibana Apple na Google kwa sababu ya manunuzi ya watoto yaliyopita bila ridhaa ya wazazi, zikakubali kurudisha hela: Apple dola zisizopungua milioni 32.5, Google dola zisizopungua milioni 19.

Majirani waliniambia nisubiri Jumatatu niende benki nikaseme nimeibiwa. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Kwa manunuzi ya Google Play, duka la programu na gemu lililomo kwenye simu yangu ya Android, ombi la kurudishiwa hela linatakiwa lipelekwe ndani ya saa 48, na ukingoja benki ifunguliwe, muda mwingi umeshakwisha. Zaidi ya hapo, ununuzi umefanywa kwenye simu yako na akaunti yako, na aliyeufanya unamjua. Ukiandika benki kwamba ni wizi, unaandika jambo lisilo kweli, na duka likiona hela imevutwa kupitia benki linaweza kuifungia akaunti yako.

Mdogo wangu anayefundisha Ujiji ndiye aliyenielekeza usiku uleule. Tuliingia play.google.com kwa akaunti ileile iliyonunua, tukafungua historia ya oda, tukabonyeza "Report a problem". Unaulizwa sababu, na miongoni mwa majibu kuna la ndugu au rafiki aliyenunua bila ridhaa yako. Hilo ndilo la kuchagua. Kwenye maelezo niliandika sentensi tatu: nani alishika simu, ana umri gani, na kwamba niliridhia ule ununuzi wa 2,500 tu. Huo sikuuombea, maana niliukubali mwenyewe.

Kosa nililofanya ni kuombea oda moja nikidhani zote tano zimeingia humo. Kila ununuzi una namba yake inayoanza na GPA, inayokuja kwenye risiti ya barua pepe, na kila namba inahitaji ombi lake. Kesho yake nikaona jibu la kukubaliwa 25,000 peke yake. Nikarudi mbio kuombea nne zilizobaki, saa 48 zikiwa hazijaisha. Zote zilikubaliwa, na hela ikaingia kwenye kadi baada ya siku nne za kazi. Almasi ziliondolewa kwenye gemu, na mtoto alielezwa kwa nini.

Aliyechelewa amebakiwa na njia moja dhaifu zaidi: kumwandikia mtengenezaji wa gemu, ambaye mawasiliano yake yapo kwenye ukurasa wa gemu hiyo dukani. Anaweza kukubali au kukataa. Wenye aifoni ombi lao linapelekwa reportaproblem.apple.com.

Na kabla hujampa mtoto simu, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako juu kulia, ingia kwenye mipangilio, tafuta "Purchase verification", uchague nywila iulizwe kila ununuzi. Halafu nywila usiiandike mtoto akiwa amekaa mapajani pako. Wanashika haraka kuliko tunavyodhani.

Ombi langu ni kwa mabenki yaliyopo Kigoma mjini. Mama akija dirishani na malalamiko ya namna hii, karani asianze kumpa fomu ya wizi. Amuulize kwanza nani alikuwa ameshika simu, na ni saa ngapi zimepita.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma