Umetapika? Weka mswaki chini kwanza

Wagonjwa wengi wanaotapika mara kwa mara hutuambia jambo lile lile, tena kwa kujivunia kidogo: "Daktari, mimi kila nikitapika napiga mswaki hapo hapo." Tunaelewa. Kinywa kinakuwa kichungu, kinanuka, na mtu anataka kujisikia msafi haraka. Bahati mbaya, dakika zile ndizo jino linakuwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote wa siku.

Asidi ya tumboni ni kali sana. Kwa kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7 na namba ikishuka ukali unaongezeka, asidi hiyo huwa kati ya 1 na 2. Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, huanza kupoteza madini yake pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Asidi ikipita mdomoni, tabaka la juu kabisa la enameli hulainika. Halijaondoka bado, limelegea tu, na mate yakipewa muda huweza kulirudishia sehemu ya madini. Ukilisugua likiwa katika hali hiyo, unalikwangua na kulitema pamoja na povu la dawa ya meno. Enameli iliyokwanguka haioti tena.

Kwa hiyo, fanya hivi. Mara tu unapomaliza kutapika, sukutua kwa maji ya kawaida mara kadhaa na kuyatema, ili kuondoa asidi iliyobaki. Kisha chukua kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, ukoroge kwenye kikombe cha maji cha mililita 250 hivi. Sukutua kwa mchanganyiko huo kwa nusu dakika, huku ukiupeleka kila upande wa mdomo, halafu uteme. Soda inazimua ile asidi. Usiimeze, maana ina sodiamu nyingi na haiwafai hasa wenye shinikizo la damu au matatizo ya figo. Angalia pia usije ukachanganya na bekingi pauda. Pakiti zake hufanana, lakini bekingi pauda imetiwa asidi ndani yake. Kama huna soda, maji matupu yanatosha kabisa kuliko kukaa bila kusukutua.

Baada ya hapo, chukua dawa ya meno yenye floraidi, kiasi kidogo tu kwenye ncha ya kidole, uipake taratibu juu ya meno bila kusugua, uteme inayozidi na uache iliyobaki. Dawa ya kusukutua yenye floraidi inafaa pia, mradi isiwe na alkoholi, kwa sababu alkoholi hukausha mdomo na wewe sasa hivi unayahitaji sana mate. Chingamu isiyo na sukari husaidia kuyaleta, ingawa kwa baadhi ya watu huongeza gesi na kucheua, ikikusumbua, iache. Mswaki subiri angalau nusu saa, na ukiweza saa nzima. Na usijaribu kukata ule uchungu kwa limau au juisi ya machungwa, hiyo ni kuongeza asidi juu ya asidi.

Tuwe wakweli hapa: kusubiri hakurudishi kila kitu. Anayetapika kila siku kwa miaka ataendelea kupoteza enameli hata akifuata hatua zote, ila ataipoteza polepole zaidi. Ndiyo maana tunauliza sana kuhusu chanzo.

Chukua mfano wa aina ya mgonjwa tunayekutana naye. Mwanaume wa makamo, ana kiungulia cha miaka mingi, na usiku mara kadhaa kwa wiki chakula kinarudi hadi mdomoni, wakati mwingine anatapika kabisa. Amekuja kwa sababu maji baridi yanamshtua meno ya juu ya mbele. Anadhani yametoboka. Tukimtazama kwa mbele, meno yanaonekana mazuri, labda kingo zake zimekuwa nyembamba na mwanga unapenya. Tukigeuza kioo kidogo kutazama upande wa nyuma, ule unaoelekea kaakaa, tunakuta hadithi nyingine: ni laini na unang'aa kama kauri, mistari yake ya asili imefutika, na pale enameli ilipoisha dentini, tabaka la manjano lililo chini ya enameli, inaonekana. Meno ya chini ya mbele hayana shida. Ulimi huyafunika wakati wa kutapika, na mate ya tezi za chini ya ulimi huyaosha.

Mpangilio huo ndio unaotueleza kwamba asidi inatoka tumboni. Inayotoka kwenye vinywaji vyenye asidi mara nyingi huanza kula upande wa mbele wa meno. Kwenye magego tunatafuta vishimo vidogo mfano wa vikombe kwenye vilele vyake. Na kama kuna jino lililozibwa zamani, kizibo huonekana kimesimama juu ya jino. Kizibo hakijakua, ni jino lililoshuka pembeni yake.

Mgonjwa huyu alikuwa akiamka, anapiga mswaki papo hapo kwa nguvu, na dawa ya meno aliyochagua ni ile ya kung'arisha yenye chembe za kukwangua. Hatukumchonga jino siku hiyo. Tulimpa utaratibu tuliouleza hapo juu, tukambadilishia dawa iwe ya floraidi isiyokwangua na mswaki uwe laini, tukapaka floraidi nzito kwenye sehemu zilizokuwa zikishtuka, na tukapiga picha za meno ili tuzilinganishe baada ya miezi 6. Aliagizwa aweke kikombe cha maji kando ya kitanda, kwa sababu usiku mate hupungua sana na asidi hukaa mdomoni muda mrefu. Alipewa pia barua ya kwenda kwa daktari wa tumbo.

Watu huuliza kwa nini hatuvalishi jino kofia, yaani kifuniko bandia cha jino zima, mara moja. Kofia na ujenzi wa jino huja baadaye, kutapika kukishadhibitiwa. Tukijenga kabla, asidi itaendelea kuila enameli kwenye mipaka ya kazi yetu, na mgonjwa atakuwa amelipia kitu kitakachoharibika.

Kwa mama mjamzito mwenye kutapika kwingi, hatua ni zile zile. Kama harufu ya dawa ya meno inakuchefua, tumia kidogo au yenye ladha hafifu, na usiache kusukutua. Kama unajitapisha mwenyewe, tafadhali tuambie tu. Hatukaripii mtu na hatumwambii yeyote nyumbani, lakini bila kujua tutatibu meno huku tukikosa mzizi wa tatizo. Damu kwenye matapishi, chakula kukwama kooni au kupungua uzito bila sababu, hivyo havisubiri miadi ya meno. Nenda hospitali kwanza.

Ukija kwetu, njoo na majina ya dawa unazotumia, kwa kuwa baadhi hukausha mdomo, na utuambie unatapika mara ngapi kwa wiki na saa ngapi. Uchunguzi wa kioo na picha huchukua muda mfupi na hauumi.