Kwa nini tunaomba kuiona klipu kabla ya kukutajia bei

Wateja wengi wa video za muziki hutuomba kitu kilekile: mchezaji abaki na rangi zake, kila kilicho nyuma yake kiwe cheusi na cheupe. Akiwa amerekodiwa mbele ya kitambaa cha kijani, kazi ni nyepesi. Akiwa barabarani au mbele ya ukuta, hakuna rangi moja ya kuiondoa, hivyo lazima tumchoree mpaka wake fremu kwa fremu. Hiyo ndiyo rotoskopu. Sekunde kumi za video ya fremu 25 kwa sekunde ni fremu 250.

Chukua mfano wa kijana mwenye shati jeupe anayecheza mbele ya ukuta wa chokaa. Kwenye programu ya After Effects tunaweka klipu ileile mara mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini tunaiondoa rangi. Ya juu tunaipitishia zana yake ya Roto Brush: tunachagua fremu ambayo mikono na miguu yake inaonekana vizuri, tunampaka mstari mwilini, na programu inamfuata fremu zinazofuata. Ikikosea, tunasahihisha hapohapo kabla ya kuendelea, maana kosa la fremu moja hubebwa hadi ya mbele.

Tatizo linaanza mkono unapopita mbele ya ukuta. Programu hupata shida rangi zinapofanana, na hapa nyeupe iko juu ya nyeupe, basi mpaka unarukaruka. Ili kuliona hilo tunaweka rangi ya waridi kali chini ya klipu ya juu na kuicheza. Kingo zinazochemka huonekana mara moja. Kipande hicho tunakichora kwa kalamu, bega, kigasha na kiganja kila kimoja peke yake, tukianzia fremu ambazo mkono umefika mwisho na unageuka, kisha tunajaza za katikati.

Kuna pia ukungu wa mwendo. Mkono ukienda kasi, vidole huchanganyika na rangi ya ukuta. Ukikata kwa nje, utepe wa ukuta wenye rangi unamzunguka. Ukikata kwa ndani, vidole vinageuka kijivu. Ukingo mkali nao humfanya aonekane kama picha iliyokatwa gazetini. Kwa hiyo ukingo wa mkono huo tunaulainisha kuelekea upande unaokwenda, huku wa kiwiliwili ukibaki mkali.

Ukiwa bado hujarekodi, mvalishe nguo isiyofanana na ukuta, na kama mwanga unatosha mwambie mpiga video atumie shata ya 1/100 badala ya 1/50, ukungu utapungua. Faili tuletee lile lililotoka kwenye kamera. Lililopita WhatsApp limebanwa, na kingo zake zimeshakuwa vijisanduku.

Maliza kuhariri video yako kwanza. Mara nyingi klipu ya sekunde arobaini hutumika nne tu kwenye wimbo, nasi tunatoza hizo nne.